Ishara ya mpito: kanga moja, mitindo mitatu

Katika video za mitindo, ishara ya mpito ni tendo linaloanzia klipu moja na kumalizikia klipu inayofuata. Mvaaji anaanza kugeuka na vazi la kwanza, anamalizia na la pili, na mtazamaji anaona mzunguko mmoja tu. Mitindo mitatu, basi, inahitaji mipito miwili.

Tuseme mko Mji Mkongwe wa Bagamoyo, mbele ya mlango wa nakshi, na kanga moja ya doti, kama sentimita 150 kwa 110. Ndani ya kanga, dada anayeivaa ana gauni jeusi la kubana. Kwanza anaifunga kanga kiunoni, fundo ubavuni. Pili anaipitisha mgongoni chini ya kwapa, anapishanisha ncha mbili za juu kifuani na kuzifunga nyuma ya shingo. Tatu anajitanda ushungi.

Mpito wa kwanza ni kugeuka. Anageuka kuelekea kulia, bila kusita mgongo unapoelekea kamera, kisha anakwenda kufunga mtindo wa pili. Akirudi anasimama palepale, anaanza kugeuka upya kulekule kulia, anapita pale mgongo unapoelekea kamera na kumalizia akiikabili. Kata klipu zote mbili pale mgongo unapoelekea kamera, mwendo ukiwa bado wa kasi. Ukingoja atulie, mshono unaonekana. Chora chaki kuzunguka nyayo zake na usiiguse simu juu ya stendi yake, maana akisogea hata hatua moja ataonekana ameruka. Jua nalo halisubiri: mkikawia kufunga fundo, kivuli cha ukutani kinakuwa kimehama.

Mpito wa pili ndio ninaoupenda, kwa sababu kitambaa chenyewe ndicho ishara. Dada anafungua fundo la shingoni, anashika ncha moja na kuileta mbele mpaka iizibe lenzi. Klipu ya tatu inaanza ushungi ukiwa umeshatandwa, ncha yake inayoning'inia imeziba lenzi, halafu anaiachia. Lenzi izibwe kwa pindo mara zote mbili. Ukifunga kwa pindo jekundu ukafungua kwa mji mweupe, rangi inashtuka na jicho linagundua. Tena, kitambaa kikiziba lenzi, simu huongeza mwanga yenyewe na kanga hufunguka ikiwa imepauka. Kabla ya kurekodi, bonyeza uso wa dada kwenye skrini na ushikilie mpaka simu ifunge mwanga na fokasi.

Kuna jambo ambalo watu wa kwetu hawalisamehe, nalo ni jina la kanga kusomeka kinyume. Simu nyingi zinaweza kuhifadhi video ya kamera ya mbele kama kioo, na WEMA HAUOZI ikaanzia mkono usio wake. Ukipindua klipu moja tu ya namna hiyo wakati wa kuhariri ili jina lisomeke, mzunguko wake unakwenda kinyume na wa klipu nyingine na mpito wa kwanza unavunjika, kwa hiyo piga klipu zote tatu kwa kamera ya nyuma.