Msumari tumboni mwa ng'ombe

"Ng'ombe akimeza msumari si utatoka na kinyesi?"

Mara nyingi hautoki. Chuma ni kizito, hivyo huzama kwenye tumbo la pili, lile lenye kuta kama sega la nyuki, na kubaki humo. Tumbo hilo hujikaza kila dakika. Ncha ikielekea mbele hutoboa ukuta, na moyo uko sentimita chache tu mbele yake.

Chukua ng'ombe wa Nachingwea aliyefungwa jirani na nyumba inayoezekwa bati. Jana alitoa lita 6, leo 1. Mgongo umepinda, viwiko vimetanuka, hataki kushuka mteremko. Ukimfinya mgongoni nyuma ya nundu, anaguna. Wengi hapo husema karogwa.

Akiwahiwa, daktari wa mifugo humnywesha sumaku, humchoma antibayotiki, kisha husimamishwa miguu ya mbele ikiwa juu kidogo kwa wiki kadhaa. Asipopata nafuu, hupasuliwa. Kidari kikishavimba na mishipa ya shingo kutuna, moyo umeshaguswa, dawa haitasaidia.

Sumaku hiyohiyo hukinga mapema, ingawa hainasi shaba. Okoteni misumari baada ya ujenzi, na nyaya za matairi yaliyochomwa, ambazo watu huzisahau.