Nakisi inayokua bila kugusa dola za Kampala

Kila Benki Kuu ya Uganda inapotoa takwimu za urari wa malipo, macho ya wengi huenda kwenye mstari mmoja tu, akaunti ya malipo ya kawaida. Humo huandikwa bidhaa na huduma tunazouza na kununua nje, faida na riba zinazovuka mipaka, pamoja na fedha ambazo ndugu zetu walio ughaibuni hututumia. Uganda ina nakisi hapo, na watu wakiiona imepanuka huamua kwamba dola zinatuishia. Mimi nashughulika na majedwali haya kila siku, na jambo ninalotafuta kwanza ni nani aliyelipa nakisi hiyo.

Chukua mafuta ya Ziwa Albert. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulitangazwa Februari 2022, na tangu hapo mitambo imekuwa ikiingia kuelekea Buliisa na Kikuube. Tuseme mtambo mmoja una thamani ya dola milioni 10, mfano wangu tu. Kampuni mama inaununua China na kumlipa muuzaji kutoka akaunti yake Ulaya. Mtambo unapovuka mpaka juu ya trela, tamko la forodha linaonyesha dola milioni 10 za bidhaa zilizoagizwa, na akaunti ya malipo ya kawaida inashuka kwa kiasi hicho. Papo hapo, kwa kuwa aliyelipa ni mwekezaji wa nje, akaunti ya fedha, ambamo huandikwa uwekezaji na mikopo inayovuka mipaka, inaandika dola milioni 10 za uwekezaji wa moja kwa moja. Vitabu vimelingana. Hakuna benki ya Kampala iliyoombwa dola hata moja, na shilingi haikutikisika.

Sasa wafanyabiashara wa Kikuubo waagize vitambaa vya dola milioni 10. Kwenye akaunti ya malipo ya kawaida alama ni ileile kabisa. Ila hawa lazima waende benki na shilingi zao wakanunue dola, na benki inazo tu ikiwa wauza kahawa, watalii au jamaa walio Dubai wamezileta. Zisipotosha, bei ya dola inapanda. Nakisi mbili za ukubwa mmoja, na moja tu ndiyo inayobana soko.

Hapa niweke sawa neno moja. Mazungumzoni, watu huita fedha zote za uwekezaji na mikopo akaunti ya mtaji. Katika mwongozo wa Shirika la Fedha la Kimataifa tunaoufuata, hizo zimo katika akaunti ya fedha. Akaunti ya mtaji yenyewe ni ndogo: misaada ya kujengea miradi, au deni linaposamehewa.

Akiba ya fedha za kigeni ndiyo inayobeba kinachobaki. Shilingi yetu inaelea, kwa hiyo Benki Kuu hailazimiki kulinda bei fulani. Hununua dola kutoka benki za biashara soko linapokuwa nazo kwa wingi, na huweza kuuza bei inapoyumba kupita kiasi. Mahali ambapo akiba huvuja kimyakimya ni deni la serikali. Hazina ikilipa riba na mkopo wa nje, dola hutoka moja kwa moja kwenye akiba, bila kupita sokoni, na mikopo mipya ikiingia huijaza tena. Ndiyo sababu Benki ya Dunia iliposimamisha ufadhili mpya kwa Uganda mnamo Agosti 2023, mimi niliangalia akiba kabla ya kuangalia shilingi.

Akiba hupimwa kwa miezi. Ukiwa na dola bilioni 3.6, na nchi inaagiza bidhaa na huduma za dola bilioni 1.2 kwa mwezi, una miezi 3. Lengo la Jumuiya ya Afrika Mashariki ni miezi 4.5. Lakini ndani ya ile bilioni 1.2 imo mitambo ya mafuta ambayo akiba haitailipia kamwe. Ukitoa milioni 200 za mitambo, akiba ileile inakuwa ya miezi 3.6. Kabla ya kulinganisha takwimu za robo mbili za mwaka, hakikisha zote zimehesabiwa kwa njia moja.

Mafuta yakianza kutiririka kwenye bomba hadi Tanga, uagizaji wa mitambo utapungua na mauzo ya nje yatapanda. Hata hivyo, katika visima hivyo TotalEnergies ina asilimia 56.67, CNOOC asilimia 28.33, na kampuni yetu ya taifa asilimia 15. Serikali itachukua kodi, mrabaha na mgawo wake, ila faida ya wawekezaji itaandikwa kama mapato yanayotoka nchini, katika akaunti ileile ya malipo ya kawaida, mistari michache chini ya mauzo. Mistari hiyo miwili isomwe pamoja.