Mbona taulo zako za AI zinakaa paka

Usiku mmoja jamaa mmoja anayeuza taulo na mashuka pale Eastleigh alinitumia picha WhatsApp, akaniuliza, "Bro, hii si naweza kupost?" Nikaifungua nikazuum. Ukiwa mbali iko safi kabisa, taulo tatu nyeupe zimepangwa juu ya stuli ya mbao, mwanga wa asubuhi, na ka-ua kando. Ukikaribia sasa unaona hizo si taulo, ni paka watatu wamelaliana. Nywele ndefu ndefu, halafu kuna mkunjo umeanzia taulo ya juu ukashuka ukaishia ndani ya taulo ya katikati, yaani zimeungana kama zimeshonwa. Nikamwambia hebu nitumie prompti yenyewe, yale maneno uliyoipa AI ikuchoree. Ndio hii:

```
super soft fluffy luxury towels, ultra realistic, 8k
```

Naona prompti kama hii karibu kila wiki, kwa sababu kazi yangu ni kutengeneza picha za bidhaa za nyumbani, na vitu vya kitambaa ndivyo vinasumbua watu kuliko sufuria na viti. Shida iko kwa maneno mawili, `fluffy` na `luxury`. Modeli ya picha haijawahi kushika taulo, imefunzwa kwa picha zilizo na maelezo, na neno `fluffy` kwa hayo maelezo linatembea sana na paka, vitoto vya mbwa na mawingu. Ukiliandika unavuta manyoya. `luxury` nayo inavuta mng'ao, na pamba ya taulo haing'ai, vile vitanzi vidogo vyake vinatawanya mwanga kila upande. `8k` haisaidii chochote hapo, mimi niliacha kuiandika kitambo.

Ulaini wenyewe huwezi kuuona kwa picha. Jicho linaukisia kutokana na vitu vingine, kama vile kitambaa kinapinda kwa upana gani pale kimekunjwa, kimebonyea kiasi gani chini ya mzigo, na kivuli chake kinaingia polepole ama kinakatika ghafla. Hivyo ndivyo vya kuandika kwa prompti.

Mimi huanza na uzito. Taulo la kuoga la sentimita 70 kwa 140 lina eneo la karibu mita mraba moja, kwa hivyo kama ni la gsm 500, yaani gramu 500 kwa kila mita mraba, liko karibu nusu kilo likiwa kavu. Shuka la pamba la kawaida halifiki hata nusu ya hiyo kwa mita mraba. Sasa chukua taulo lako la nyumbani ulikunje mara tatu kwa upana, halafu nusu, halafu nusu tena, uliweke mezani ukiangalia ule upande wa kunjo la mwisho. Unaona nini? Tumbo moja nene la mviringo, basi. Tabaka la nje limefunika zingine zote. Zungusha uangalie ubavuni ndio unaona mikanda minne imelaliana. AI haijui hii hesabu, kwa hivyo itakuchorea midomo mitano mbele ya taulo moja, na zikiwa taulo tatu huwezi tena kujua moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Ukitaka kukamata picha mbovu haraka, hesabu matumbo ya mbele: taulo tatu, matumbo matatu, ukipata saba rudia.

Kwa hivyo prompti ya jamaa nikaiandika upya hivi:

```
three white cotton terry bath towels stacked on a wooden stool,
short dense loop pile, matte,
each front edge one thick rounded fold,
bottom towel slightly compressed by the two above,
low window light from the left, soft shadows
```

Angalia hakuna mahali nimesema taulo ni laini. `short dense loop pile` ndiyo inafukuza paka, kwa sababu umetaja kile kitu kiko juu ya kitambaa, vitanzi vifupi vilivyobanana. Unaweza kuongeza `500 gsm` ukitaka, mimi huiweka mara moja moja, lakini usidhani modeli inapima uzito, hiyo namba inafanya kazi kama neno tu, na kazi kubwa inafanywa na yale maneno ya kunjo nene na taulo la chini kubonyea. Ule mstari wa `compressed` watu huuacha, na bila huo taulo zote tatu zinatoka na unene sawa kabisa, zinakaa matofali ya sponji. Taulo la chini kwa ukweli limebeba karibu kilo nzima kichwani, lazima liwe bapa kidogo.

Mwanga nao. Ukiweka mwanga wa mbele, kama wa flashi ya simu, vitanzi vyote vinapotea na taulo inabaki karatasi nyeupe. Mwanga ukitoka kando na chini chini, kila kitanzi kinatupa kakivuli kake, na hapo ndipo mtu anasema ah, hii imejaa. Lakini uwe wa dirisha, si jua kali la saa sita, jua kali linachora mikunjo kwa mistari myeusi na kitambaa kinageuka plasta.

Halafu kuna huu mtego wa kukataza. Ukiandika `no wrinkles` ndani ya prompti yenyewe, modeli nyingi zinasikia `wrinkles` tu na zinakuletea makunyanzi ya bure. Kama unatumia Stable Diffusion, kuna kisanduku cha `negative prompt`, weka huko `fur, hair, plastic, glossy` na utaona tofauti. Kama chombo chako hakina hicho kisanduku basi sema unachotaka kwa upande wa kukubali, badala ya `no sharp creases` andika `rounded folds`. Na ukiona mikunjo imekaa kama imechongwa kwa mbao, rangi nazo zimekolea kupita kiasi, shusha `CFG scale`, ile namba ya kuamua modeli ifuate prompti kwa ukali gani. Wengi hupandisha wakidhani modeli itawatii zaidi, na kweli inatii, lakini kitambaa kinakakamaa. Mimi kwa vitu vya kitambaa nakaa kati ya 5 na 7.

Hata ukifanya hayo yote, kuna siku mikunjo inakataa tu. Hapo naacha kubishana, natoa taulo yangu kabatini, naikunja, naiweka juu ya stuli karibu na dirisha la jikoni, napiga picha na simu, kisha naiingiza kwa `img2img`, pale modeli inaanza na picha yako badala ya maneno matupu. `denoising strength`, yaani modeli iibadilishe picha kiasi gani, naweka 0.4 hivi. Kwa hiyo namba mikunjo yangu ya kweli inabaki pale pale, na rangi na uso wa kitambaa vinabadilika. Ukipandisha hadi 0.7 inaanza kubuni mikunjo yake na umerudi pale ulikuwa. Picha ya simu si lazima iwe nzuri, inahitajika tu kunjo liwe la kweli na mwanga utoke upande ule ule uliouandika, kwa sababu ukipiga mwanga ukitoka kulia na prompti inasema kushoto utapata taulo yenye vivuli viwili.

Mashuka ni hadithi nyingine, maana shuka jepesi linafuata kitu kilicho chini yake. Makosa ya kawaida ni kuandika `wrinkled bed sheet`, unapata kitanda kizima kimekunyanzwa sawasawa kama gazeti lililofungia samaki. Mkunjo wa ukweli una pale unatokea. Shuka likivutwa chini ya godoro, mistari inatoka kwenye kona na kufifia ikielekea katikati. Foronya inavutika kutoka kona zake na katikati kuna shimo pale kichwa kilipolala. Basi taja hicho chanzo, kwa mfano `sheet pulled tight and tucked at the mattress corner, faint tension lines fading toward the center`, na acha sehemu zingine za kitanda zitulie. Duveti usiliandikie mistari kabisa, lina ujazo ndani, linapanda na kushuka kwa vilima vipana, na kona moja iliyofunuliwa inatosha kuonyesha linavyoanguka. Na aina ya ufumaji inabadilisha kila kitu: `percale` imefumwa uzi mmoja juu mmoja chini, inatoa makunyanzi madogo makavu, `sateen` inaruka nyuzi kadhaa juu kabla ishuke moja, kwa hivyo inaanguka kwa mikunjo ya mviringo na ina kamng'ao. Ukiuza ya kwanza ukaonyesha ya pili, mteja atajua akiishika.

Njia yangu ya kukagua ni michirizi. Hata kama klienti anataka shuka nyeupe, mimi kwanza natengeneza moja ya kujaribu yenye drafti, kama zile za shuka la Kimasai, kwa prompti ile ile na `seed` ile ile, yaani ile namba modeli inaanzia nayo picha. Nashika mstari mmoja kwa kidole kwenye skrini naufuata. Ukifika kwenye mkunjo unafaa kupinda, upotee ndani, utokee ng'ambo ukiwa umesogea kidogo. Ukipita moja kwa moja juu ya mkunjo kama mkunjo haupo, modeli imepaka kivuli juu ya kitambaa bapa, na maneno yangu ya mikunjo hayajashika. Nikirudi kwa nyeupe picha haitatoka sawa kabisa, lakini nitajua maneno gani ya kurekebisha.

Turudi kwa jamaa wa Eastleigh. Picha mpya ilimpendeza sana, matumbo matatu, vitanzi vinaonekana, na akapost. Baada ya siku chache akanipigia, wateja wawili wamerudisha taulo wakisema zile za picha ni nene. Nikamuuliza, kwani mzigo wako ni wa gsm ngapi? 350. Hilo kosa lilikuwa langu, nilikuwa nimeandika prompti ya nusu kilo kwa taulo ya gramu mia tatu na kitu, na sikuwa nimeuliza. Nikabadilisha kuwa `thin flat loop pile` na `slim rounded fold`, na nikapunguza urefu wa rundo karibu theluthi. Alilalamika kidogo kwamba sasa zinakaa za bei rahisi. Nikamwambia aongeze picha ya pili, taulo moja imening'inia kwa kamba nje, maana taulo nyepesi ikianikwa inaanguka vizuri kuliko nzito, na hiyo hata haikuhitaji kupambwa.