Praima ya Kijani Haipakwi Uso Mzima

Kila mteja anayenijia akilalamika kwamba faundesheni yake inamfanya aonekane kama aliyepakwa majivu, mimi humwuliza kwanza alipaka wapi praima ya kijani, ile krimu inayotangulia faundesheni ili kutuliza wekundu wa ngozi. Jibu ni lile lile: uso mzima, kwa kuwa ni praima, na praima hupakwa uso mzima. Dhana hii ndiyo inayoharibu kazi kuliko nyingine zote, nami nimechoka kuona watu wakitupa faundesheni isiyo na kosa lolote.

Ukweli ni kwamba kijani hufanya kazi pale tu penye wekundu wa kukutana nacho. Katika gurudumu la rangi, kijani na nyekundu hutazamana. Zikichanganywa, kila moja huififisha nyenzake, na kinachobaki ni rangi tulivu isiyoelemea upande wowote. Kwa hiyo tabaka jembamba la kijani juu ya wekundu wa pembeni mwa pua huutuliza, na faundesheni ikija juu yake haina haja ya kuwa nzito. Lakini kwenye paji la uso lisilo na wekundu, kijani hicho hakina cha kufifisha. Hubaki kilivyo, kikingoja faundesheni, ambayo yenyewe hupata rangi yake ya ngozi kutokana na mchanganyiko wa chembe za njano, nyekundu na nyeusi. Hapo kijani huufifisha wekundu wa faundesheni yenyewe, yaani ule ule unaoifanya ngozi ionekane hai, na matokeo yake ni ukijivu.

Mteja mmoja alikuwa na wekundu mashavuni na kwenye mikunjo ya pua, huku paji na kidevu vikiwa safi. Nilimpaka nusu ya kushoto kwa namna aliyoizoea, na nusu ya kulia nikaweka praima ya kijani kiasi cha punje ya mchele, nikiigonga kwa ncha ya kidole juu ya wekundu tu na kuyeyusha kingo zake hadi mpaka wa rangi usionekane. Nilisubiri kama dakika mbili ikauke, kisha nikabonyeza faundesheni ile ile pande zote mbili kwa sponji yenye unyevu, bila kuiburuta, maana kuburuta huchanganya matabaka na kukisambaza kijani pasipohitajika. Tuliposogea dirishani, mashavu yote mawili yalikuwa yametulia karibu sawa, ila paji la kushoto lilikuwa limepauka na kidevu cha upande huo kilikuwa na kivuli cha kijivu. Tofauti hiyo haikuonekana vizuri chini ya taa ya njano ya chumbani, na ndiyo sababu nasisitiza kila mtu ajikague kwenye mwanga wa mchana kabla ya kutoka.

Wengi huamini pia kwamba ukijivu ukitokea dawa yake ni kuongeza faundesheni. Kufanya hivyo huongeza uzito tu, na mara nyingi kijani huendelea kuchungulia. Punguza kwanza: bonyeza sehemu hiyo kwa sponji safi yenye unyevu ili iinue kilichozidi, halafu gusa kwa konsila, yaani krimu ya kufichia madoa, yenye uelekeo wa pichi, kidogo sana. Ikishindikana, futa sehemu hiyo na uanze upya.

Kuna wanaodhani kijani hufuta kila doa. Hapana. Madoa ya kahawia yaliyoachwa na chunusi hayana wekundu wa kutosha, na kijani huyafanya yaonekane machafu. Hayo yanahitaji pichi au chungwa kulingana na weusi wa ngozi. Uvimbe wa chunusi nao utabaki uvimbe, kwa sababu rangi haisawazishi umbo.

Wenye ngozi nyeusi huambiwa kwamba kijani si chao kabisa, na hili nalo si sahihi. Tatizo lao kubwa ni praima za kijani kilichofifia kama mnanaa, ambazo hupata wepesi huo kwa kuongezewa chembe nyeupe za titani dioksidi. Weupe huo juu ya ngozi nyeusi hutoa majivu hata pale ambapo wekundu upo kweli. Kwenye ngozi ya namna hiyo wekundu mara nyingi huonekana kama zambarau au kahawia iliyoiva, kwa hiyo uangalie kwanza dirishani; ukiwa ni wekundu hasa, chagua kijani kilichokolea, kisicho cha maziwa, na ukiweke kwenye doa lenyewe tu. Na kama faundesheni yako peke yake, ikipakwa tabaka moja jembamba, tayari inauficha wekundu huo, basi praima ya kijani haina kazi usoni mwako.