Huyu mchumba ameshazaliwa kweli? Dhana potofu kuhusu miaka ya Kibuddha

Karani aliligeuza faili mara mbili, akamtazama bwana harusi mtarajiwa, akauliza, "Sasa bwana, huyu mchumba wako ameshazaliwa kweli?" Cheti cha binti yule wa Kithai kilisema amezaliwa mwaka 2533. Tafsiri ilikuwa ya kwangu na kosa lilikuwa la kwangu: niliiacha namba kama nilivyoikuta, bila kuandika 1990 pembeni. Tulicheka, nikaenda kurekebisha, nikarudi kesho yake.

Tangu hapo nimepitia karatasi nyingi za namna hiyo, na nimeona kwamba karibu kila mtu anajua fomula moja: kwenye mwaka wa Kibuddha toa 543, upate wa Masihi. Fomula ni ya kweli. Shida ni yale ambayo watu huyaamini pembeni yake.

"Ni kama Hijria, lazima utafute jedwali"

Sisi tuliozoea kalenda ya Kiislamu tunajua kwamba huwezi kutoa namba moja ukaupata mwaka wa Masihi. Mwaka wa Hijria hufuata mwezi mwandamo, una siku kama 354, kwa hiyo tofauti kati yake na mwaka wa Masihi hupungua kidogo kidogo. Wengi hudhani kalenda ya Thailand nayo iko hivyo, kwa sababu ni ya dini.

Haiko hivyo. Kalenda ya kiserikali ya Thailand ina Januari hii hii, Februari hii hii, na mwaka mpya tarehe 1 Januari. Songkran, ile sherehe ya kumwagiana maji katikati ya Aprili, ni mwaka mpya wa jadi na haibadilishi namba ya mwaka. Kinachotofautiana na kalenda ya ukutani kwako ni namba ya mwaka tu: 2025 kwao ni 2568. Kwenye hati utaona herufi พ.ศ. mbele ya mwaka wa Kibuddha, na ค.ศ. mbele ya mwaka wa Masihi. Jifunze kuzitambua hizo mbili hata kama hujui neno lingine la Kithai, maana ndizo zitakazokuambia utoe au usitoe.

Kwenye pakiti za vyakula vinavyouzwa humo humo Thailand mwaka huweza kufupishwa kuwa tarakimu mbili. Ukiona maziwa yameandikwa 15/01/69, hayatakaa mpaka 2069. Ni 2569, yaani Januari 2026. Kwa tarakimu mbili, toa 43.

"Inahesabiwa tangu Buddha alipozaliwa"

Hapana, ni tangu alipofariki. Wabuddha wa madhehebu ya Theravada, yaliyoenea Thailand na Sri Lanka, huita tukio hilo parinibbana, na mapokeo yao husema alikuwa na miaka 80.

Hapo hapo huzaliwa dhana ya pili, kwamba basi wanahistoria wamethibitisha alifariki mwaka 543 au 544 KK. Wengi wao hawakubali. Kumbukumbu za kale za Sri Lanka zinasema mfalme Ashoka wa India alitawazwa miaka 218 baada ya kifo cha Buddha. Ashoka mwenyewe, katika maandishi aliyochongesha kwenye miamba, aliwataja wafalme wa Kigiriki wa zama zake, ambao miaka yao inajulikana; kwa njia hiyo kutawazwa kwake huwekwa karibu na 268 KK. Jumlisha 218 unapata 486 KK, pungufu ya mapokeo kwa takriban miaka 60. Wapo watafiti wanaosogeza mbele zaidi, karibu na 400 KK. Kwa mtu anayebadilisha tarehe haya hayana athari: 543 ni makubaliano ya kuhesabu, nawe unafuata makubaliano.

"Nchi zote za Kibuddha ziko mwaka mmoja"

Mwaka 1956, mwezi Mei, Sri Lanka na Burma, ambayo leo ni Myanmar, zilisherehekea kutimia kwa mwaka 2500. Thailand ilisherehekea mwaka 1957. Bustani kubwa ya Phutthamonthon karibu na Bangkok ilianzishwa kwa ajili ya maadhimisho hayo. Tukio lile lile, mwaka mbalimbali, na hakuna aliyekosea kuhesabu.

Fikiria mtoto aliyezaliwa leo. Mmoja atasema yuko katika mwaka wake wa kwanza. Mwingine atasema hana mwaka bado, mpaka atimize. Sri Lanka, Myanmar na Kambodia huhesabu kama yule wa kwanza: mwaka uliofuata moja kwa moja kifo cha Buddha ni mwaka wa 1. Thailand na Laos husubiri mwaka utimie ndipo waseme moja.

Kuna la zaidi, na hili husahaulika. Katika nchi zile za kwanza namba haibadiliki Januari, inabadilika Vesak, sikukuu ya kumkumbuka Buddha, kwenye mwezi mpevu ambao mara nyingi huangukia Mei. Kwa hiyo tofauti ya mwaka mmoja haipo mwaka mzima. Tarehe 10 Februari 2025 ilikuwa 2568 Bangkok na 2568 Kolombo pia. Vesak ikaja tarehe 12 Mei. Kufikia 1 Juni, Bangkok bado ni 2568, Kolombo ni 2569. Ukishika kitabu cha dini kutoka Sri Lanka, toa 543 kama tarehe iko kabla ya Vesak na 544 kama iko baada yake. Kama kimeandikwa mwaka peke yake bila mwezi, andika miaka miwili kwa mkwaju, kwa mfano 2024/2025 kwa 2568, kuliko kubahatisha. Ofisi za huko hutumia mwaka wa Masihi, ndiyo maana mkanganyiko huu hukutana nao kwenye mambo ya dini zaidi kuliko kwenye vyeti.

"Kwa Thailand, ukitoa 543 hukosei kamwe"

Hii ndiyo iliyowahi kunikosesha usingizi, kwa sababu jibu lake la makosa linaonekana sahihi kabisa.

Mfalme Vajiravudh ndiye aliyeuingiza mwaka wa Kibuddha kwenye matumizi ya serikali, kuanzia 1 Aprili 1913, ambayo ikawa 1 Aprili 2456. Kabla ya hapo ofisi zilihesabu tangu kuasisiwa kwa Bangkok mwaka 1782. Tazama hiyo tarehe: Aprili. Mwaka wa serikali ya Siam, jina la zamani la Thailand, ulianza 1 Aprili na kuisha 31 Machi. Januari, Februari na Machi zilikuwa miezi ya mwisho ya mwaka, si ya mwanzo. Mambo yakaendelea hivyo mpaka sheria ilipopitishwa mwaka 1940 kuuhamishia mwaka mpya Januari, na 1 Januari 1941 ikawa siku ya kwanza ya 2484.

Matokeo yake ni kwamba kwa tarehe za Januari hadi Machi kabla ya 1941, unatoa 542.

Chukua mfano unaojulikana. Mfalme Prajadhipok alijiuzulu tarehe 2 Machi 2477. Ukitoa 543 unapata 1934, na utakuwa umekosea mwaka mzima. Mwaka 2477 ulianza Aprili 1934, hivyo Machi yake iliangukia 1935. Chuo Kikuu cha Chulalongkorn nacho kiliasisiwa 26 Machi 2459. Kwa hesabu ya haraka ni 1916, na ungetarajia miaka mia itimie 2016. Wenyewe waliiadhimisha Machi 2017, mwaka 2560. Anayejumlisha 2459 na 100 atadhani wamechelewa mwaka, kumbe wako sawasawa.

Kwenye faili la yule mchumba kulikuwa pia na karatasi ya bibi yake, aliyezaliwa Februari 2480. Mwaka 2480 ulikimbia kuanzia 1 Aprili 1937 hadi 31 Machi 1938. Februari iliyomo ndani yake ni moja tu, ya 1938. Nilipoandika 1938, mtu wa familia aliniambia nimekosea, simu yake imempa 1937.

Namna ya kuhakikisha ni siku ya wiki, kama hati imeitaja. Tarehe 2 Machi 1935 ilikuwa Jumamosi. 2 Machi 1934 ilikuwa Ijumaa. Siku moja inayopishana inatosha kukuonyesha mwaka upi ndio.

Na kuna kitu cha ajabu kidogo hapo katikati. Kwa kuwa mwaka 2483 ulianza Aprili 1940 ukakatizwa 31 Desemba, ulikuwa na miezi tisa tu. Machi 1940 ni 2482, Januari 1941 ni 2484. Januari, Februari na Machi za 2483 hazikuwahi kuwepo. Ukiletewa hati inayosema "Februari 2483", basi kuna mtu baadaye aliyechukua 1940 akaijumlishia 543 bila kujua habari hii. Usiikatae hati, lakini tafuta karatasi ya awali.

"Kompyuta itanibadilishia yenyewe"

Itabadilisha, ila kwa 543 kila mahali. Jaribu kwenye kivinjari:

```
new Date(2025, 0, 15).toLocaleDateString('th-TH')
// 15/1/2568
new Date(1935, 2, 2).toLocaleDateString('th-TH')
// 2/3/2478
```

Mstari wa kwanza uko sawa. Wa pili unampa Prajadhipok 2478, wakati hati za siku ile ziliandika 2477. Mashine haijui kwamba Machi iliwahi kuwa mwezi wa mwisho. Simu ya yule ndugu ilikosea kwa njia hiyo hiyo, ila kinyumenyume.

Kosa jingine hutokea kwenye majedwali ya hesabu, pale mtu anapoandika mwaka wa Kibuddha kwenye safu inayotarajia mwaka wa Masihi. Programu haikatai 15/01/2567. Inadhani unazungumzia karne ya ishirini na sita. Ukiiambia ikokotoe umri, unapata namba hasi ya mamia. Hilo angalau linaonekana. Linalojificha ni 29/02/2567. Siku hiyo ipo kabisa, ni 29 Februari 2024, lakini programu hugawa 2567 kwa nne, inabaki tatu, inaamua si mwaka mrefu, na tarehe inageuzwa kuwa maandishi ya kawaida. Safu nzima inahesabiwa vizuri isipokuwa seli hiyo moja, iliyosogea kushoto huku wenzake wakiwa kulia.