Je, wajua xG inahesabu nini hasa, na kwa nini Argentina ililala kwa Saudia?

"Hivi hii xG wanayoonyeshaga kwenye TV inapima nini? Maana Argentina 2022 walikuwa nayo kubwa kuliko Saudia na bado wakapigwa 2-1."

xG ni kifupi cha expected goals, yaani magoli yanayotarajiwa. Inapima nafasi, haipimi goli. Mchezaji akipiga shuti, mashine inauliza kitu kimoja tu: mashuti ya namna hii yaliyowahi kupigwa huko nyuma, mangapi yaliingia? Jibu linatoka kama namba kati ya 0 na 1. Penati inapewa kama 0.78 hivi, kwa sababu penati 100 zikipigwa zinaingia kama 78. Ukichukua mashuti yote ya mpira wa miguu ukayachanganya, moja linakaa karibu na 0.10, yaani kwenye kumi linaingia moja. Halafu mwisho wa mechi wanajumlisha namba za mashuti yote ya timu, hiyo jumla ndo unayoiona kwenye skrini.

Kinachoangaliwa sana ni umbali na pembe, yaani goli unaliona kwa upana gani kutoka pale ulipo. Pia umepiga kwa mguu au kwa kichwa (kichwa kinapewa kidogo kuliko mguu hata mkiwa sehemu moja), na mpira ulikujaje, ni krosi au pasi ya kupenyeza. Kampuni nyingine zinajua mpaka kipa alisimama wapi na mabeki wangapi wako njiani, nyingine hazijui, ndo maana mechi moja unaweza kuikuta na xG mbili tofauti na hakuna aliyekosea kuhesabu.

Sasa turudi kwenye ile mechi ya Argentina na Saudia, Kombe la Dunia, uwanja wa Lusail kule Qatar, Novemba 22, 2022. Messi anafunga penati dakika ya 10, hapo Argentina tayari ina kama 0.78 mfukoni na hata hawajatoka jasho. Halafu kipindi hicho hicho cha kwanza wanatia mpira wavuni mara tatu zaidi, Messi mara moja, Lautaro Martínez mara mbili, na zote tatu zinakataliwa, wameotea. Unajua zile tatu zilichangia kiasi gani kwenye xG? Sifuri, kwa sababu shuti la aliyeotea halihesabiwi kama shuti. Sisi tuliokuwa tunaangalia tuliona Argentina inawala hawa watu mzima mzima, inabaki kiasi cha bega tu iwe 4-0, lakini kwenye namba ni kama hakikutokea kitu.

Hilo ndo shimo la kwanza: xG inaanzia kwenye shuti na inaishia kwenye shuti. Winga akamwaga krosi ya chini ikapita mbele ya goli tupu, straika amechelewa kidole kimoja, uwanja mzima umeshika kichwa, xG inasema 0.00. Wakati huo huo mtu akijaribu bahati yake kutoka mita 30 anapewa 0.02, kwa hiyo kwenye karatasi amefanya cha maana kuliko yule winga.

Kipindi cha pili Saleh Al-Shehri anasawazisha dakika ya 48, Salem Al-Dawsari anapiga la pili dakika ya 53, amewageuza mabeki ukingoni mwa kumi na nane akaukunja mpira mpaka kona ya mbali. Mechi nzima Saudia ilipiga mashuti matatu tu. Kwa nafasi za aina ile xG yao haikufika hata nusu goli, na bado wametoka na mawili. Namba haijadanganya hapo: mashuti ya vile mara nyingi hayaingii, siku hiyo yaliingia. Halafu kumbuka namba inamchukulia mpigaji kama mchezaji wa kawaida, haijui aliyepiga ni Al-Dawsari ama ni beki wa kati aliyepotea njia.

Kuna kitu kingine watu wanakisahau. Baada ya dakika ya 53 Saudia hawakuwa na shida ya kupiga shuti, walikuwa wanaongoza, wakarudi nyuma wakaziba. Argentina ndo ilikuwa inahangaika, krosi, vichwa, mashuti yanayogonga miguu ya mabeki, kila moja linaongeza kijinamba. Timu iliyo nyuma karibu siku zote inavuna xG ya mwisho mwisho, kwa hiyo ukisoma jumla bila kujua nani alikuwa anaongoza lini utamsifia aliyelazimishwa kushambulia.

Lakini mtego ninaoupenda mimi (ulishanichania mkeka) ni ule wa kujumlisha. Chukua timu A, imepata penati moja tu dakika zote 90, xG yake 0.78. Timu B imepiga mashuti kumi ya hovyo, kila moja 0.08, jumla 0.80. Kwenye skrini B kamzidi A, si ndiyo? Haya, hesabu nani anamaliza mechi bila goli. A anakosa mara 22 kwenye 100. B ili atoke kapa inabidi akose yote kumi, kila shuti anakosa kwa 0.92, izidishe yenyewe mara kumi unapata 0.43, kwa hiyo mechi 43 kwenye 100 B hafungi chochote. Ukichezesha mechi hiyo mara 100, A anashinda kama 34, B kama 27, zinazobaki ni sare. Mwenye xG ndogo ndo ana nafasi kubwa ya kushinda! Mashuti mengi madogo yanakupa siku moja moja ya magoli mawili matatu, na siku nyingi za kulia.

Na ribaundi ndo usiseme. Penati ya 0.78 kipa kapangua, mpira unarudi kwa mpigaji mwingine mita tano, 0.60, kapaisha. Ukijumlisha tu hivi hivi unapata 1.38 ndani ya sekunde tatu, wakati tukio hilo haliwezi kuzaa zaidi ya goli moja. Hesabu sahihi ni nafasi ya kukosa zote mbili, 0.22 mara 0.40, karibu 0.09, kwa hiyo tukio zima ni 0.91. Kuna wanaorekebisha hili, kuna wasiorekebisha.

Kwa hiyo mechi moja isikutoe povu. Inaanza kusema kitu ukikusanya nyingi. Brighton ya kocha Graham Potter kwenye Ligi Kuu ya England msimu wa 2020/21 ilimaliza ya 16, pointi 41, magoli 40, wakati xG yao ilikuwa zaidi ya 50, wenye namba wakasema hii timu sio ya 16. Msimu uliofuata ikamaliza ya 9 na pointi 51. Watu wa xG walitamba sana, ila ukifungua daftari la msimu huo magoli waliyofunga ni 42, mawili tu zaidi, waliyofungwa yakashuka kutoka 46 hadi 44. Timu ilikuwa nzuri kweli kama walivyosema, ila yale magoli kumi na ushee waliyokuwa wanadaiwa hayakuja hata mwaka ule.