Wawili kwenye stetasi: yasemwayo Moshi na ukweli wake

Dhana: Mwenzi asiyeposti picha yako anakuficha.

Hii ndiyo inayovunja nyumba nyingi, na ndiyo isiyo na mashiko. Utafiti wa Lydia Emery na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014, uliwafuatilia wapenzi siku kwa siku na kuona kwamba siku ambazo mtu hakuwa na uhakika na hisia za mwenzake ndizo alizoelekea zaidi kuuonyesha uhusiano wao mtandaoni. Hii haina maana kwamba kila anayeposti ana mashaka. Ina maana tu kwamba wingi wa picha haupimi mapenzi. Anayekuficha utamtambua nje ya simu: hajakupeleka kwao, rafiki zake hawalijui jina lako, na mkikutana na mtu wa kwao pale stendi anakuachia mkono. Mume aliyekutambulisha kwa mama yake, lakini hataki sura yake ionekane kwenye simu za watu, anatunza faragha, na faragha si siri.

Dhana: Stetasi hufutika baada ya saa 24, kwa hiyo haina madhara.

Ni kweli hufutika, ila saa moja yatosha. Binti mmoja ninayemfahamu alivishwa pete Jumatano jioni, akaiweka picha kwenye stetasi kabla ya kulala. Washenga walikuwa wapeleke barua na mbege Kibosho Jumamosi, na baba yake alikuwa bado hajaambiwa lolote. Shangazi aliyeko Dar es Salaam aliipiga picha skrini, akaituma kwenye kundi la ukoo, na kufika asubuhi mzee alikuwa amepongezwa na watu watatu kwa jambo asilolijua. Binti aliifuta haraka, lakini nakala ilikwishasambaa. Washenga walipokelewa, ila baada ya kusubiri majuma mawili na kuomba radhi kwanza.

Kosa halikuwa furaha yake. Kabla ya kubonyeza, wawili hao walipaswa kuulizana ni nani anayestahili kuisikia habari hii kwa mdomo kabla ya kuiona kwa macho, na kama yupo, picha ingesubiri. Mipangilio ya faragha ya stetasi kwenye WhatsApp inakuruhusu kuchagua `My contacts except...` ili kuwaondoa baadhi ya watu, au `Only share with...` ili kuwachagua wachache tu. Hata hivyo, mabadiliko hayo hayaigusi stetasi uliyokwisha kuituma, wala hayamzuii aliyeruhusiwa kuipeleka kwingine.

Dhana: Wale wenzetu wanaishi kama wanavyoonekana.

Desemba iliyopita nilikuwa mpiga picha asiyelipwa wa wanandoa fulani kwenye maporomoko ya Materuni. Njia nzima ya kushuka hawakusemezana, kwa sababu ya ada ya mtoto ya Januari na ng'ombe ambaye mume alikuwa ameahidi nyumbani kwao bila kumshirikisha mke. Tulipofika majini walikumbatiana, nikapiga picha zaidi ya thelathini, wakachagua moja. Jioni rafiki yangu aliyekuwa mjini, akipika huku mumewe akitazama mpira, aliniandikia akilalamika kwamba yeye hajawahi kupelekwa popote.

Leon Festinger alieleza mwaka 1954 kwamba mtu akikosa kipimo cha wazi cha kujipima, hujipima kwa watu wengine, hasa wale anaoona wanafanana naye. Ndiyo maana msanii maarufu hakuumizi kama anavyokuumiza jirani wa Soweto mliyefunga ndoa mwaka mmoja. Rafiki yangu alikuwa analinganisha jioni yake nzima, pamoja na vyombo vichafu, na picha moja kati ya thelathini.

Dhana: Dawa ni kufuta akaunti zote.

Wachache huhitaji hivyo. Kwa kawaida maumivu hutoka kwa watu wawili au watatu, na unaweza kuzinyamazisha stetasi zao kwa `Mute` bila wao kuarifiwa na bila kuvunja ujirani.

Kunyamazisha, hata hivyo, hakujibu swali la kile ulichokuwa unakitamani. Rafiki yangu alipotulia aligundua kwamba hakutamani maporomoko, kwani matope ya njia ile hayapendi. Alitamani saa mbili na mumewe bila watoto wala simu. Mara ya kwanza alikuwa amemwambia, "Wenzako wanawapeleka wake zao Materuni," na mume akajibu kwamba hao wenzake wana magari. Mara ya pili alisema, "Baba Asia, naomba Jumapili tukimaliza ibada tutembee wawili tu, watoto wabaki kwa bibi." Walikwenda kula ndizi nyama mjini, wakarudi kwa miguu. Hakuna picha iliyopigwa.